Mwezi Usipoonekana

Profesa wangu alikuwa na tabia ya kusoma kazi ya mwanafunzi kwa sauti, polepole, huku anakula. Akifika penye kosa anaacha kutafuna. Ukimwona taya limesimama, ujue umekwisha.

Siku hiyo tulikuwa Nachingwea, kwenye baraza ya gesti, tumekaa kuzunguka meza ya plastiki. Tulikuwa wanafunzi watatu wa uzamili wa uchumi, yeye, na dereva wa gari la chuo ambaye alikuwa anasikiliza kila kitu na kujifanya hasikii. Profesa alikuwa amekuja kukagua takwimu zetu kabla hazijaingia kwenye makala. Makala ile ilikuwa ya bei ya mahindi, Nachingwea na Ruangwa, miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyepewa kuandika aya ya matokeo. Kulikuwa na nafasi moja tu ya kubaki chuoni kufundisha, na kila mtu pale mezani, dereva akiwemo, alijua kwamba nafasi hiyo ni yangu aya ile ikikubaliwa, na ikikataliwa ni ya mwenzangu aliyekuwa amekaa kushoto kwangu anamenya yai.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo mtaniona nalalamika tu. Ukiwa na bei za kila mwezi kwa miaka mingi, mambo mawili lazima uyaseme kwenye aya. La kwanza ni mwelekeo, yaani kwa ujumla bei inakwenda wapi, juu au chini. La pili ni jinsi bei inavyojifuata yenyewe. Bei ya mwezi huu inafanana na ya mwezi uliopita, inafanana kidogo na ya mwezi wa kabla ya huo, na kama zao lina msimu, inafanana tena na ya wakati kama huu mwaka jana. Wachumi wana neno refu la Kiingereza kwa jambo hilo. Mimi wanafunzi wangu nawaambia bei ina kumbukumbu, wananielewa. Na kuna utaratibu: lazima uondoe mwelekeo kwanza ndipo upime kumbukumbu. Kitu kinachopanda muda wote kitafanana na jana yake hata kama hakina kumbukumbu yoyote.

Rasimu yangu ya kwanza Profesa alikuwa ameshaichana, na hapo alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika kwamba mwelekeo wa kupanda umethibitika bila shaka yoyote. "Bila shaka yoyote!" alisema. "Makosa yako ya mwezi huu yameshikana na ya mwezi jana, wewe unayahesabu kama mashahidi mbalimbali. Ni shahidi mmoja huyo, binti, anarudi mahakamani na kofia nyingine." Alikuwa na maana kwamba kumbukumbu ikiwapo, kipimo cha kawaida cha uhakika kinakudanganya, kinakupa uhakika mwingi kuliko ulio nao. Nikapiga hesabu upya kwa njia inayozingatia hilo. Mwelekeo ulibaki, ila uhakika ulipungua, na nikaandika hivyo kwa unyenyekevu. Mtu yule alikuwa anaijua kazi yake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye.

Sasa asubuhi ile anasoma rasimu ya pili. Nachingwea imepita. Bei ya Nachingwea, baada ya kuondoa mwelekeo, ilifanana sana na ya mwezi mmoja nyuma, ufanano ukashuka taratibu, ukainuka tena kwenye umbali wa miezi kumi na miwili, kisha ishirini na minne, kisha thelathini na sita. Mahindi yanavunwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo hakuna la ajabu. Akatafuna. Akaendelea na Ruangwa.

"Ufanano uliinuka tena," akasoma, "kwenye umbali wa miezi kumi na miwili, ishirini na mitano, na thelathini na saba."

Taya likasimama.

"Ishirini na mitano," akasema.

"Ndiyo, Profesa."

"Thelathini na saba."

"Ndiyo, Profesa. Hata mimi nilishangaa, nimerudia mara nyingi, inatoka vilevile."

Akaweka uma chini. "Hebu nieleweshe, mimi mzee sasa. Hapa Nachingwea mwaka una miezi kumi na miwili. Ukipanda gari, ukaenda mwendo wa kufika Ruangwa, mwaka unarefuka?" Mwenzangu wa yai akacheka. Yule wa kulia naye akacheka, maana asingecheka angeonekana yuko upande wangu. "Mahindi ya kule yanakwenda likizo? Au ni wewe ulichoka kupika ukakosea kipimo cha chumvi?"

Kupika takwimu, hapo chuoni, ni neno zito kuliko wizi. Mwizi anaweza kusamehewa. Nikahisi uso umekuwa wa moto. "Sijapika, Profesa. Nilizipata kwa mjomba wangu."

Loo, ningejua ningefunga mdomo. "Kwa mjomba!" akasema, akageuka kuwatazama wote, hadi dereva. "Jamani, wenzenu wanahangaika na ofisi za serikali, huyu ana mjomba."

Lakini ilikuwa kweli, na ilikuwa na sababu. Ruangwa ilikuwa imefanywa wilaya si zamani. Kabla ya hapo mambo yake yote yalikuwa ndani ya Nachingwea, na bei za miaka ya mwanzo hakuna ofisi iliyokuwa nazo peke yake. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka la nafaka Ruangwa mjini. Ananunua mahindi ya Likunja na Matambarale na kuyauza. Kwetu sisi mjomba si mtu wa kumwendea kwa salamu tu; ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Baba yangu alikuwa Mkristo, wazee wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, nasi tulilelewa kanisani hapo Nachingwea. Mjomba yeye ni Mwislamu wa kuswali swala tano. Hesabu zake za duka anaziandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo mimi siwezi kusoma hata moja. Nilimwambia, "Mjomba, nataka bei ya mahindi ya kila mwezi, tangu mwaka ule Ruangwa ilipofanywa wilaya." Akavaa miwani, akanisomea, mimi nikaandika. Mwezi, bei. Mwezi, bei. Tulimaliza mchana kutwa, mkewe, ninayemwita shangazi, akatuletea uji mara mbili.

Nilipofika Nachingwea nikakuta miezi yake imezidi ile ya ofisi kwa minne. Nikasema mzee ameanza kusoma mapema kidogo, nikakata minne ya mwanzo. Nani angefikiri vingine?

"Twende kwa mjomba," akasema Profesa, akiinuka. "Nina hamu ya kumwona huyu mtaalamu." Ila kabla hatujaondoka alipitia mjini penye mashine ya faksi, sisi tukamsubiri garini. Hakusema anatuma nini. Mwenzangu wa yai alinipa peremende njiani. Nikaila, mjinga mimi.

Mjomba alipoona gari la chuo limesimama mbele ya duka lake alitoka mwenyewe, kanzu safi, anatabasamu hadi aibu. Nikampigia magoti kidogo, "Shikamoo, mjomba." Akamwita shangazi alete viti. Dukani mlikuwa na wateja, akina mama wawili na mpakia mizigo mmoja, wakasogea pembeni kuwapisha wageni, ila hawakutoka. Nani atoke penye sinema ya bure?

Profesa hakukaa. "Mzee, nimesoma bei zako."

"Ahsante, ahsante sana," akasema mjomba. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha shuleni kidogo; Kimwera ndicho alichokuwa anaotea ndoto. "Karibu, bwana mkubwa."

"Uliandika kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Hujaruka hata mmoja? Ukiugua je?"

"Nikiugua anaandika mke wangu. Sijaruka."

"Kwa hiyo hakuna mwezi uliokosekana. Miaka yote hiyo."

Na hapa mjomba, mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja nusu kilo, akafikiri. Nilimwona anafikiri. Alitaka ampe mgeni jibu la kweli tupu. "Ah," akasema, "kukosekana kupo. Mwezi mwingine hauonekani."

Profesa akatutazama sisi. Kisha akamrudia kwa sauti laini kabisa, sauti ya daktari. "Hauonekani. Sasa usipoonekana, mnafanyaje?"

"Tunakamilisha."

"Mnakamilisha."

"Ndiyo. Usipoonekana unakamilisha, halafu unaandika. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mmefundishwa!" Profesa akanielekezea kidole. "Na nani? Na huyu?"

Wale akina mama wakanitazama. Mjomba naye akanitazama, tabasamu lake bado lipo usoni ila halijui liende wapi. Nami ndipo kichwani kwangu kitu kikafunguka, kwa kuchelewa kiasi cha kutia hasira. Nikapiga kelele kama mwendawazimu, "Mjomba! Mwezi upi?"

"Mwezi," akasema.

"Mwezi upi, mjomba?"

Akaniona nimerukwa na akili. Akainua kidole akaelekeza juu, kwenye bati. "Si mwezi, mwanangu? Mwezi! Unapoandama ndiyo naandika. Hesabu ya duka yote ni ya zaka, zaka utahesabu kwa mwezi wa kizungu?"

Mungu wangu! Neno moja. Kitu kile cha angani tunakiita mwezi, na Januari tunaita mwezi, na mimi niliyelala nyumbani kwa mtu huyu kila likizo nilikuwa nimekaa naye siku nzima namwandikia mwezi, mwezi, mwezi, kila mtu na wake. Na kule kukamilisha hakukuwa kujazia bei: mwezi usipoonekana usiku wa ishirini na tisa, Waislamu wanakamilisha siku thelathini ndipo wanaanza mwezi mpya. Alikuwa anaeleza dini yake, mwenzie anasikia mtu anakiri kosa.

Profesa alikuwa ameshatoka dukani; nikamkimbilia hadi garini, namweleza huku nimekosa pumzi. Mwaka wa mwandamo ni mfupi. Msimu wa mahindi unafuata jua na mvua, haufuati mwandamo. Kwa hiyo kwa hesabu ya mjomba, kutoka mavuno hadi mavuno ni miezi kumi na miwili na theluthi na ushei. Mara mbili, inakaribia ishirini na mitano. Mara tatu, thelathini na saba. Na ile miezi minne iliyozidi, niliyoikata kama kipande cha nguo kilichozidi, ndiyo ziada inayojilimbikiza katika miaka kumi na moja! Aya yangu ilikuwa sahihi kila neno. Kilichokosewa ni jina la kipimo tu. Ukizipeleka bei za mjomba kwenye tarehe zake za kweli, Ruangwa na Nachingwea zitakwenda pamoja.

Mwenzangu wa yai aliacha kucheka. Naye hakuwa mjinga.

Profesa alichukua kalkuleta kutoka kwenye mkoba. Akazidisha. Akazidisha tena. Nilimwona uso unabadilika, na kwa kitambo kidogo alikuwa ni mtu mzuri, naapa, mtu aliyeona kitu kizuri. "Ishirini na nne na robo tatu," akajisemea. "Lazima ioneshe ishirini na tano. Lazima." Kisha akazima kalkuleta.

"Ni kweli," akasema.

Nikaanza kulia kwa furaha.

"Usilie. Faksi imeshakwenda. Nimemwandikia mkuu wa idara kwamba takwimu za Ruangwa zimepikwa na kwamba sikupendekezi."

"Lakini Profesa, si utamwandikia nyingine?"

"Asubuhi naandika zimepikwa, jioni naandika hazijapikwa, kwa sababu ya mwezi? Watasema mzee ameanza kunywa." Akasogea karibu, akaongea kwa wema, na wema ule mpaka leo nikiukumbuka natamani kutema mate. "Sikiliza. Nafasi yako bado inaweza kuokolewa. Hukupika wewe. Aliyejazia ni mtunza bei, wewe ulidanganywa, ukagundua. Andika sentensi moja kwenye aya: bei za Ruangwa zimeachwa kwa kuwa mtunzaji alikiri kujazia miezi iliyokosekana. Si amekiri? Sote tumesikia. Uisaini hiyo, nami nitasema ni mwanafunzi mwaminifu. Barua yangu inabaki kweli, na wewe unabaki chuoni."

"Hakukiri. Umeshaelewa kwamba hakukiri."

"Amesema anakamilisha. Mimi sitafsiri, naandika nilichosikia."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa mlangoni pa duka lake ameshika sahani ya karanga alizotaka kuwapa wageni, hajui ampe nani.

Nikasema sisaini. Sikusema kwa ushujaa, msinipambe. Nilisema kwa hasira, na nikaongeza neno moja la matusi la Kimakonde nililojifunza kwa bibi, ambalo dereva alilielewa, maana aligeukia dirisha mabega yanatikisika. Profesa hakulielewa lakini sauti aliielewa. Gari likaondoka bila mimi.

Jioni nikamweleza mjomba yote. Nilidhani atanibariki. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kubarikiwa. Akaniuliza, "Kazi hiyo ya chuo, ni ya maisha?"

"Ya maisha, mjomba."

"Na nyumba wangekupa?"

"Wangenipa."

Akainuka. Halafu akanifokea kama hajawahi. "Mpumbavu wewe! Ungeandika! Mjomba mwongo, andika, mjomba mwizi, andika! Mimi huko Dar es Salaam nani ananijua? Hiyo karatasi hapa Ruangwa angeisoma nani, mbuzi? Dada yangu ameuza shamba la mikorosho usome, wewe unakuja kunilindia jina!" Shangazi alimvuta mkono wa kanzu. Hakunyamaza. Alisema amenilea bure, na asubuhi alipokea shikamoo yangu bila kunitazama.

Nafasi alipewa mwenzangu wa yai. Mimi shahada niliipata, kwa alama za kupita tu, nikarudi Nachingwea kufundisha hesabu sekondari. Makala ilitoka mwaka uliofuata kwenye jarida la Kiingereza, ikiwa na majina mawili, yote si langu. Rafiki yangu aliyekuwa bado anasoma chuoni alinitumia nakala ya ukurasa wa matokeo. Aya ya Nachingwea ilikuwa yangu, koma kwa koma. Mwelekeo ule wenye uhakika uliopunguzwa, kumbukumbu inayoshuka taratibu, kumi na mbili, ishirini na nne, thelathini na sita. Na chini yake ile sentensi niliyoikataa. Walikuwa wameiongezea nyama: bei za Ruangwa zilitupwa baada ya mtunzaji, mfanyabiashara asiye na elimu, kukiri mbele ya watafiti kwamba alikuwa anazibuni.

Nilikwenda Ruangwa likizo, ukurasa ukiwa kwenye mkoba. Mjomba alikuwa amelegeza hasira kidogo. Akaniuliza kama ule mtihani wa mwezi umeandikwa mahali. Nikamwonyesha. Akataka kujua yeye ametajwa wapi. Nikamwekea kidole pale.

"Wanasema nini?"

"Wanasema Ruangwa kuna mfanyabiashara aliyekuwa anaweka bei za mahindi."

Si uongo. Ni robo ya kweli. Mzee alifurahi hadi akakaa chini. Akasema kumbe hawakuwa watu wabaya. Akauchukua ukurasa ule, akaubandika kwa pini ukutani nyuma ya mizani, chini ya kalenda ya kiwanda cha sabuni, na kila aliyekuja kununua pishi ya mahindi alionyeshwa kidole mahali alipotajwa. Nilimwomba mara mbili anirudishie. Akasema nina wivu.

Ulikaa pale muda mrefu, karatasi ikawa ya njano. Siku mambo yalipofichuka nilikuwepo, nimekaa kwenye gunia napepeta choroko na shangazi. Aliingia bwana mmoja mgeni, wa ofisi za wilaya, kahamishiwa karibuni, shati limenyooka. Mjomba akamwonyesha kama kawaida. Yule bwana akainama, akasoma, akacheka. "Mzee, unajua hapa pameandikwa nini?"

"Nimetajwa."

"Umetajwa kweli! Wamesema huna elimu, na kwamba ulikiri bei zako zote ni za kubuni." Akamtafsiria neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho, na wateja wakasikia. Shangazi akaacha ungo. Mimi nikasimama, choroko zikamwagika.

Mjomba akashika mizani. Alimpimia yule bwana mchele aliokuja kununua, akaongeza kidogo juu kama alivyozoea, akaufunga. Kisha akageuka kwangu, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

"Ungeandika wewe," akasema, "si ungeandika kwa adabu?"